Kina Ndicho Kiambishi: Utenzi wa Kukumbuka Kauli za Vitenzi

Kitenzi "piga" ni kifupi, lakini mkia wake hauishi kubadilika. Mama anampigia mwanawe simu. Vijana wawili wanapigana uwanjani. Wafanyakazi wanapigania mishahara yao. Mwizi amepigwa. Mzizi ni ule ule, "pig-", na kinachotofautisha simu na ngumi ni silabi moja au mbili za mwishoni. Aliyelelewa katika Kiswahili huzitamka bila kufikiri, kisha anafika darasani, anaulizwa neno fulani liko katika kauli gani, naye anaanza kubahatisha. Anayejifunza lugha ukubwani ana shida ya upande wa pili: majina ya kauli ameyashika vizuri, ila ulimi wake haujui pa kuweka I na pa kuweka E.

Walimu wengi huwapa wote wawili dawa moja, yaani jedwali. Safu hii kutenda, safu ile kutendea, kutendana, kutendwa, kutendeka, kutendesha, kutendua. Jedwali lina faida moja kubwa: majina yenyewe ni msaada wa kumbukumbu. Wanasarufi walichukua kitenzi "tenda" wakakifanya kalibu, na kila kauli ikabeba jina lenye mkia wake. Ukisema "kutendana" umeshataja "-ana". Wanasarufi wa Kiarabu hufanya vivyo hivyo kwa "faala", kitenzi chao chenye maana ya kutenda, ambacho hukigeuza kuwa kipimo cha vitenzi vingine vyote.

Ila kalibu yetu ina ufa. Irabu iliyomo ndani ya mzizi "tend-" ni E, kwa hiyo majina yote yaliyotokana nayo yanaonyesha sura ya E peke yake: kutendea, kutendeka, kutendesha. Mwanafunzi aliyekariri majina hayo na kuyaamini ataandika "andikea", "fungeka", "pikesha". Makosa ya namna hiyo yakijaa kwenye daftari, ujue mwanafunzi amefuata jina la kauli na hakutazama irabu ya mzizi.

Hapo ndipo ushairi unapoweza kufanya kazi ambayo jedwali haliwezi. Si jambo geni. Ibn Malik, aliyefariki Damaski mwaka 1274, aliiweka sarufi ya Kiarabu katika beti zipatazo 1,000, na kitabu chake, Alfiya, bado kinahifadhiwa kwa moyo na wanafunzi wa nahau. Pwani yetu nayo imezoea kufundisha kwa utenzi. Mwana Kupona binti Msham alimwachia binti yake mafunzo ya maisha kwa njia hiyo mwaka 1858, na watu wameyashika kwa vizazi kadhaa kwa sababu yalikuwa na vina na mizani.

Utenzi una ubeti mfupi wa mishororo minne, kila mshororo mizani nane. Mishororo mitatu ya kwanza inashiriki kina kimoja, na wa nne una kina chake ambacho hakibadiliki toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kwa kazi yetu umbo hili linafaa kuliko shairi la mizani 16, maana kiambishi cha kauli hukaa mwishoni mwa kitenzi na kina hukaa mwishoni mwa mshororo. Ukipanga kila mshororo uishe kwa kitenzi, kina na kiambishi vinakuwa kitu kimoja. Mwanafunzi akikosea kiambishi, sikio lake litamshitaki kabla ya mwalimu. Mshororo wa nne tunaupa kazi nyingine, kutaja maana ya kauli, na tunaufunga kila mara kwa neno "tenda" lenyewe.

Nimetunga beti nane kwa mpango huo. Hizi ni mbili za kwanza, zote za kauli ya kutendea:

Mama kanipakulia
Dada kanifungulia
Kaka kaniandikia
Kwajili yangu katenda

Kitabu kanisomea
Maji akaniletea
Mizigo kanitolea
Kwajili yangu katenda

Kwa nini beti mbili kwa kauli moja? Kwa sababu "somea" haiwezi kusimama pamoja na "andikia" bila kuharibu kina, na uharibifu huo ndio somo lenyewe. Tazama irabu ya mwisho ya kila mzizi: pak-u-a, fung-u-a, and-i-ka. Kisha tazama ubeti wa pili: s-o-ma, l-e-ta, t-o-a. Mzizi wenye A, I au U unavuta I, na wenye E au O unavuta E. Anayetaka kanuni hiyo peke yake aibebe katika mishororo miwili yenye mizani nane nane:

A, I na U huita I
Nazo E, O huita E

Kanuni hiyo haiishii kwenye kutendea. Kutendeka na kutendesha zinaifuata vilevile: pika, pikika, pikisha, soma, someka, somesha. Ndiyo maana inafaa ifundishwe mapema.

Beti hizo mbili zimeficha jambo jingine. "Pakua" imekuwa "pakulia", "fungua" ikawa "fungulia", "toa" ikawa "tolea". Hiyo L imetoka wapi? Haikuazimwa popote, ilikuwepo tangu zamani. Kiswahili kiliiacha L iliyokaa katikati ya irabu mwishoni mwa vitenzi vingi, na inarudi pale kiambishi kinapoongezwa. Kwa hiyo kitenzi cha Kibantu kikiishia kwa irabu mbili, kama nunua, kaa, zaa, ondoa, itarajie L: nunulia, kalia, zalia, ondolea. Maneno yaliyotoka Kiarabu mara nyingi hayana haja nayo. Rudi inakuwa rudia, jibu inakuwa jibia, samehe inakuwa samehea. Sahau ndiyo inayojitia Ubantu: sahaulia, sahauliwa.

Mshororo wa nne unasema kweli, ila nusu tu. "Kwajili yangu" inamfaa mama anayepakua chakula. Haifai kwa "mvua imeninyeshea", kwa kuwa hapo sikutendewa hisani yoyote, nimelowa. Haifai kwa "kisu cha kukatia nyama", ambapo "-ia" inataja chombo, wala kwa "alikimbilia msikitini", inapotaja mwelekeo. Ningeweza kuongeza beti tatu kwa maana hizo, lakini utenzi unaojaribu kusema kila kitu hakuna atakayeukariri. Ubeti ubebe maana ya kawaida, na mwalimu aseme mengine kwa mdomo. Asisahau kutaja "tuma", kwa sababu ujumbe wa "nitumie hela" na sentensi ya "natumia simu ya dada" zina umbo lile lile, ingawa siku hizi "tumia" ya pili inasimama kama kitenzi chake chenyewe.

Kutendana ndiyo rahisi kuliko zote, kwa sababu "-ana" haibadiliki kwa irabu yoyote:

Marafiki wapendana
Njiani wakaonana
Mikono wakashikana
Huyu na yule watenda

Hatari yake ni kudhani kila "-na" ya mwisho ni ya kutendana. Anayetukana si lazima ajibiwe. Wakijibizana ndipo tunasema wametukanana. Kuchana nywele hakuhitaji watu wawili. Mtego mkubwa zaidi umo katika kundi dogo la vitenzi vinavyoishia kwa "-kana": onekana, patikana, julikana, wezekana. Hivi vinajipanga upande wa kutendeka. "Wanaonana" ni watu wawili waliokutana, na "wanaonekana" ni watu ambao mtu mwingine anaweza kuwaona. Kipimo chake ni mshororo wa nne: jiulize kama kweli huyu na yule wote wanatenda. Jibu likiwa hapana, hiyo si kutendana hata kama kina kinalingana.

Kutendwa na kutendeka zinafaa kufundishwa kwa pamoja, kwa kuwa ndizo zinazochanganywa zaidi:

Ng'ombe akakamuliwa
Maziwa yakatolewa
Na wageni wakapewa
Mwingine ndiye katenda

Kikombe kimevunjika
Na chai imemwagika
Nguo zimeharibika
Hatajwi aliyetenda

Tofauti yote imo katika mishororo miwili ya mwisho. Katika kutendwa yupo mtu nyuma ya pazia, na ukitaka kumleta mbele unatumia "na": kikombe kimevunjwa na mtoto. Katika kutendeka pazia halifunguki. "Kikombe kimevunjika na mtoto" inakwaruza sikio la mzawa, ndiyo maana ni kipimo kizuri: weka "na fulani" mwishoni, sentensi ikikubali ni kutendwa, ikigoma ni kutendeka. Watoto wa nyumbani wanaijua siri hii bila kwenda shule. Hakuna mtoto anayesema "mama, nimevunja kikombe" kama anaweza kusema "mama, kikombe kimevunjika".

Kutendeka ina maana ya pili ambayo ubeti haukuibeba, maana ya kuwezekana: barabara inapitika, mwandiko wake hausomeki. Hapo pia mtendaji hatajwi, kwa hiyo mshororo wa nne bado unasimama.

Ubeti wa kutendwa nao una kasoro ambayo mwalimu lazima aijue. Vitenzi vyake vyote vinaishia kwa "-liwa" au "-ewa", kwa sababu kina cha "-wa" safi ndicho kilichonilazimisha hivyo. Vitenzi vingi vya kila siku havipiti njia hiyo, vinameza W moja kwa moja: pika, pikwa, funga, fungwa, soma, somwa, andika, andikwa. Kwa sheria za utunzi, zile ambazo Amri Abedi aliziandika katika kitabu chake cha mwaka 1954, kina ni silabi nzima, na "-kwa", "-ngwa" na "-mwa" ni vina vitatu tofauti. Ushairi umekataa kubeba kilicho cha kawaida, ukabeba kilicho kigumu. Kwa mwanafunzi si hasara kubwa, kwani "pikwa" mtu huishika mwenyewe, ila "kamuliwa" ndiyo inayosumbua.

Kutendesha nako kumegawanyika, na mgawanyiko huu hauhusu irabu:

Mtoto nikamlisha
Kisha nikamuogesha
Nguo nikamvalisha
Nasababisha, atenda

Ndoo maji nikajaza
Mtoto nikamlaza
Redio nikapunguza
Nasababisha, atenda

Ubeti wa kwanza ni njia kuu: chukua mzizi, ongeza "-isha" au "-esha". Ubeti wa pili ni wa vitenzi vilivyo na L, iwe inasikika au imejificha. Lala ikawa laza, jaa ikawa jaza, pungua ikawa punguza. L imekutana na kiambishi cha zamani, vikayeyuka pamoja na kutoa Z. Ndipo tunapata pia kimbia na kimbiza, lia na liza, tembea na tembeza. Bado kuna ndugu wengine waliokataa kuingia katika ubeti wowote: ruka inazaa rusha na waka inazaa washa, ogopa inazaa ogofya, pona inazaa ponya. Hawa nimewaacha nje kwa makusudi. Ni wachache, na kila mmoja ana mlango wake, kwa hiyo ni bora mtu awajifunze mmoja mmoja.

Ubeti wa nane ni wa kutendua, kauli ya kurudisha nyuma kilichofanyika:

Mlango nikafungua
Mkeka nikakunjua
Mtego nikategua
Nafuta niliyotenda

Funga, fungua. Kunja, kunjua. Tega, tegua. Angalia kwamba hapa E haikuita chochote. "Tega" imechukua U kama wenzake. Ni O peke yake inayovuta O, kama katika "chomeka" na "chomoa". Kwa hiyo ile mishororo miwili ya irabu usiilete huku. Pia usidhani kila "-ua" inafuta kitu. Kununua si kuacha kununa, ingawa wako wanaonuna wasiponunuliwa. Kipimo ni kuondoa U na kuuliza kama kinachobaki ni kitenzi chenye maana iliyo kinyume. Nuna na nunua havina uhusiano, kwa hiyo hapo hapana kutendua.

Sasa turudi kwenye piga, kwa sababu mtu anaweza kukariri beti zote nane na bado akakwama pale kauli mbili zinapokutana katika neno moja. Kiswahili kinaruhusu viambishi kufuatana, na mpangilio wake unageuza maana:

Simu wanapigiana
Haki wanapigania

Herufi ni zile zile, ila zimebadilishana nafasi. Lisome neno kuanzia kwenye mzizi kwenda kulia, kiambishi kimoja kimoja, na kila kiambishi kifanye kazi juu ya kilichokwisha kujengwa. "Pigiana" ni pig-i-an-a: kwanza "pigia", kumpigia mtu simu, halafu "-an-", yaani kila mmoja anampigia mwenziwe. Hakuna ugomvi wowote. "Pigania" ni pig-an-i-a: kwanza "pigana", watu wameshavaana, halafu "-i-", wanafanya hivyo kwa ajili ya kitu, kama haki au shamba. Ukitaka kuongeza kutendwa, W inakwenda mwisho kabisa, mbele ya A: haki inapiganiwa, pig-an-i-w-a, kutendana kisha kutendea kisha kutendwa.

Njia hiyo ya kusoma toka mzizi inafungua maneno mengi ambayo watu wameyazoea bila kuyachambua. Mpatanishi anapatanisha: pata, wakapatana, mtu wa tatu akawasababisha wapatane. "-an-" imetangulia "-ish-" kwa sababu kupatana ndiko kunakosababishwa. Ndugu wanaolipiana karo kwa zamu wao wanasomeshana: soma, somesha, someshana. Hapa "-esh-" imetangulia, kwa sababu kusomesha ndiko wanakofanyiana. Mtahiniwa anayeulizwa kauli za neno kama hilo aandike mzizi pembeni, kisha atenge kiambishi kimoja kwa wakati na kukipeleka kwenye mshororo wake wa nne. "Someshana": nasababisha, atenda, huyu na yule watenda. Majina mawili yamepatikana, kutendesha na kutendana, na mpangilio wake pia.

Darasani, kuimba beti hizi kwa sauti moja kunasaidia siku za mwanzo tu. Baada ya hapo darasa zima linaweza kuziimba vizuri na hakuna anayejua kitu. Mwalimu atajua kama zimeingia akiutoa mshororo wa tatu na kuwataka wanafunzi wautunge wao, kwa kitenzi anachowapa yeye. Awape "chukua" kwa ubeti wa kwanza. Anayejibu "kuni kanichukulia" ameelewa, na mizani yake nane imetimia. Anayejibu "kanichukuia" hajaiona L. Awape "pokea" pia, aone nani atajitambua kwamba ubeti wake ni wa pili: "salamu kanipokelea" ina mizani tisa, kwa hiyo mwanafunzi itabidi apunguze, aseme "barua kapokelea". Akishughulika na mizani, kiambishi kinajikaza kichwani bila yeye kujua.

Kutendama na kutendata sikuvitungia beti, na sishauri mtu avitungie. "Simama", "inama" na "gandama" zimebaki na mkia wa "-ama", "kamata" na "fumbata" zina "-ata", lakini hakuna Mswahili leo anayeweza kuchukua kitenzi kipya akakitia viambishi hivyo na kueleweka. Maneno hayo yanatosha kutafutwa katika kamusi. Mwalimu aliye na vipindi vichache aanze na ubeti wa tatu, wa "-ana", kwa kuwa hauna irabu ya kuchunga, kisha aende kwenye beti mbili za kwanza, na jedwali la kauli alibandike ukutani baada ya hapo.